Saa Nane ya Nani? Kisa cha wanafunzi sita waliotafuta saa moja ya kukutana

Kisa hiki ni cha kweli, nami nilikuwamo kama katibu wa kikundi. Chuo sikitaji, kozi nimeibadilisha kidogo, na wenzangu nimewapa majina ya kazi zao ili asijulikane mtu. Nimekiandika kwa sababu kila muhula nasikia kikundi kikilalamika kwamba "watu hawaji kwenye mikutano." Sisi tulisema hivyohivyo kwa wiki mbili nzima, na tulikuwa tumekosea.

## Tulikuwa nani

Tulikuwa sita katika kozi ya hiari, na ndiyo maana hatukufanana ratiba. Kozi ya hiari huchukuliwa na wanafunzi wa programu mbalimbali, kwa hiyo mhadhiri anapogawa vikundi kwa kufuata orodha ya majina, unajikuta na watu ambao hukutani nao popote isipokuwa kwenye kipindi kile kimoja. Chetu kilikuwa Jumatano, saa 4 hadi saa 6 mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhoji mama lishe 40 wa Dar es Salaam kuhusu wanavyoweka akiba: kwenye kikoba, kwenye simu, au chini ya godoro. Baada ya hapo tuandike ripoti na kuiwasilisha darasani. Tulipewa wiki sita. Ilikuwa na alama 15 kati ya 40 za kazi za muhula, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuipuuza.

Mwenyekiti aliishi hosteli, hana kazi ya kuajiriwa. Mimi nilikaa Mbezi na kufundisha tuisheni jioni nne za wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Mpokezi alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Posta, kwa zamu. Muuzaji alimsaidia mjomba wake dukani Kariakoo kila alipotoka darasani, mpaka duka lifungwe. Mama alitokea Kigamboni, ana mtoto wa mwaka na miezi kadhaa, na dada anayemwangalizia mtoto huondoka saa 11 jioni. Wa sita nitamwita Dada Kwaya. Aliishi Mtoni, ni Msabato, na alikuwa anarudia somo moja la mwaka wa pili, kwa hiyo vipindi vyake vilikuwa vingi kuliko vya sisi wote.

Haya niliyoyaandika hapa kwa aya moja, sisi tuliyajua wiki ya tatu. Wiki ya kwanza tulijuana majina na namba za simu tu.

## Wiki ya kwanza: swali, kura, na saa nane mbili

Mwenyekiti alifungua kundi la wasapu na kuuliza: "Habari wapendwa, lini mna nafasi tukutane?" Zilikuja meseji nyingi na hazikutupa chochote. Mpokezi aliandika, "Itategemea zamu mkuu." Muuzaji aliandika, "Mimi muda wowote, nyie pangeni." Mama hakujibu kabisa. Mimi nilijibu "jioni kidogo inanibana," jibu ambalo nikilisoma leo naona aibu, maana halisemi jioni ipi wala kidogo kiasi gani.

Mwenyekiti akaamua kupiga kura palepale kwenye kundi. Aliweka machaguo manne: Jumanne 4–6, Alhamisi 8–10, Ijumaa 10–12, Jumamosi 3–5. Yote manne yalikuwa saa ambazo yeye hana kipindi. Hakufanya kwa ubinafsi. Alikuwa na ratiba moja tu mkononi, nayo ni yake. Ikashinda Alhamisi 8–10 kwa kura nne.

Hapo ndipo tulipoangukia. Ratiba ya chuo chetu imeandikwa kwa saa za kimataifa, 0800 hadi 1000, 1400 hadi 1600. Mwanafunzi akiona "8–10" kwenye jambo la chuo, jicho lake limezoea kusoma saa 2 asubuhi. Mwenyekiti alikuwa amewaza kwa Kiswahili: saa nane mchana hadi saa kumi. Alhamisi ile watu watatu tulifika saa 2 asubuhi, tukakaa kwenye viti vya nje ya maktaba, tukangoja mpaka saa 3. Wengine wawili walifika saa 8 mchana na hawakutukuta.

Aliyeumia zaidi ni Mama. Aliamka saa 10 alfajiri, akavuka na pantoni ya mapema kutoka Kigamboni hadi Magogoni, akapanda mwendokasi Kivukoni, akafika kwa wakati. Mwenyekiti alipoandika mchana, "Mko wapi wapendwa? Tupo hapa," Mama alikuwa ameshafika nyumbani. Alijibu neno moja, "Sawa," na baada ya hapo akanyamaza siku nne. Anayejua Kiswahili cha kwenye simu anajua "Sawa" ya namna ile ina uzito gani.

## Wiki ya pili: mkutano wa watu wanne

Baada ya aibu ile tukapanga Jumamosi saa 3 asubuhi, na safari hii tuliandika neno "asubuhi" kabisa. Walikuja wanne. Mpokezi alikuwa zamu. Dada Kwaya hakuja wala hakutoa taarifa.

Wanne tulifanya kazi nzuri, nakiri. Tulipanga maswali ya dodoso, tukaamua tuhoji mama lishe wanaopika karibu na vituo vya daladala tu, tukagawana sura. Lakini Dada Kwaya alikuwa ameshaandika kurasa mbili na nusu za utangulizi akidhani tutawahoji wa sokoni pia, kama tulivyogusia wiki ya kwanza. Jumapili akaona maamuzi yamefanywa bila yeye. Akaandika kwenye kundi, kwa adabu lakini kwa herufi nene: "Jumamosi mimi nipo kanisani tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua linapozama. Hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli hakuna aliyemuuliza. Na yeye naye hakusema siku ya kura. Aliona chaguo la Jumamosi, akaliacha bila kuligusa, akadhani kutokupiga kura ni jibu. Kwenye kura ya wasapu kutokugusa hakusomeki: anayekosa nafasi, asiyeona meseji na aliyeishiwa bando wote wanaonekana sawasawa.

## Wiki ya tatu: karatasi

Mabadiliko yalianza kwa jambo dogo. Nilimpigia simu kila mtu peke yake. Si kwa hekima yoyote. Nilikuwa nimechoka kusoma kundi.

Peke yake mtu husema. Muuzaji wa "muda wowote" aliniambia, "Kaka, ukweli ni kwamba mjomba ndiye ananilipia ada. Nikichelewa dukani hasemi kitu, ila nyumbani inakuwa shida." Hakutaka kulisema mbele ya watu kwa sababu kazi ya ndugu hata yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa kazi, haina mkataba wala zamu. Hivyo katika sita wetu, aliyejitangaza kuwa huru kuliko wote ndiye aliyekuwa amefungwa kila siku ya juma isipokuwa Jumapili. Tangu hapo nimeacha kuamini "muda wowote." Ni adabu, si taarifa.

Nikachora jedwali kwenye karatasi ya daftari: siku saba, na kila siku masanduku kumi na mawili ya saa moja moja, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Masanduku 84. Nikabadilisha na swali. Badala ya kuuliza "lini una nafasi," niliuliza "saa gani huwezi kabisa, na saa gani unaweza ukihamisha kitu?" Huwezi kabisa ni msalaba. Unaweza kwa kuhamisha ni mstari mmoja wa mshazari. Safari nayo ilihesabiwa: kama tuisheni yangu Mbezi inaanza saa 11 jioni, msalaba wangu unaanza saa 10, kwa sababu saa 10 na nusu nikiwa bado chuoni nimeshachelewa.

Mtu huulizwa nafasi akataja zile anazozipenda. Akiulizwa vizuizi hutaja vyote, na kila kizuizi huja na sababu yake, na sababu ndiyo inayokuonyesha kama kinaweza kusogezwa.

Nilianza kujaza kwa waliobanwa zaidi: Dada Kwaya, Mama, Muuzaji. Mwenyekiti na mimi tulikuja mwisho. Mpokezi ilibidi nimchoree karatasi tatu, maana zamu zao ni tatu (saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi) na orodha ya wiki hutoka Jumapili jioni. Hawezi kuahidi Jumatano ijayo siku ya Ijumaa hata angetaka.

Nikaweka karatasi zote pamoja. Hakukuwa na sanduku hata moja lililokuwa tupu kwa wote sita. Hapo nilielewa kwa nini wiki mbili zimepotea. Tulikuwa tunatafuta kitu ambacho hakipo, na kila kilipokosekana tulimlaumu mtu.

Yalikuwapo masanduku matatu yenye mshazari badala ya msalaba, ukimwacha Mpokezi kando kwa muda. La kwanza Jumatatu saa 1 asubuhi, ambapo Mama angelazimika tena kuamka saa 10 alfajiri. La pili Jumapili mchana, ambapo kila mtu angelipa nauli ya kuja mjini kwa ajili ya mkutano tu. La tatu Jumatano saa 6 hadi saa 7 mchana, mara baada ya kipindi chetu cha pamoja.

La Jumatano lilikuwa linatutazama usoni tangu siku ya kwanza. Ndiyo saa pekee ambayo miguu yetu sote imeshafika mahali pamoja kwa sababu nyingine, na nauli imeshalipwa. Halikuwahi kuingia kwenye kura kwa sababu Mwenyekiti ana semina saa hiyo, na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa anatunga machaguo.

## Maamuzi, na kwa nini

Tuliamua Jumatano, saa 6 na dakika 10 hadi saa 7 kasoro dakika 10. Dakika 40. Kumi za mwanzo tuliziacha kwa kuwa mhadhiri wetu hupitiliza. Za mwisho ni kwa sababu Dada Kwaya ana kipindi saa 7, na Mpokezi akiwa zamu ya mchana lazima awe njiani saa hiyo ili afike Posta kabla ya saa 8.

Mwenyekiti ndiye aliyehama. Semina yake ina makundi manne yanayorudia kitu kilekile siku tofauti, na mwalimu msaidizi alimruhusu kwenda la Alhamisi bila maneno mengi. Muuzaji alizungumza na mjomba: Jumatano achelewe nusu saa, Jumamosi yeye ndiye afungue duka. Mjomba alikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Mpokezi tulimwambia tangu mwanzo kwamba akipangiwa zamu ya asubuhi hatumsubiri, ila atatumiwa maamuzi siku hiyohiyo kabla ya saa 12 jioni, na ana haki ya kupinga mpaka kesho yake saa 4 asubuhi.

Dakika 40 hazitoshi kufanya kazi. Zinatosha kuamua. Kwa hiyo kazi yenyewe tuliihamishia kwa watu wawili wawili, na hapa tulifanya jambo ambalo bado naliona ndilo bora kuliko yote: tulipanga jozi kwa ramani. Muuzaji na Mpokezi walichukua Kariakoo na Posta. Mama na Dada Kwaya walichukua Kigamboni na Temeke, maana kutoka Mtoni hadi Kigamboni kwa darajani si mbali. Mwenyekiti nami tulibaki na Ubungo hadi Mbezi. Kila jozi ilitafuta saa yake bila kutuuliza. Kupata saa ya watu wawili wanaoishi jirani ni suala la simu moja.

Jumapili tuliitumia mara moja tu, mwisho wa wiki ya tano, kwa kuunganisha ripoti. Tulikaa kwenye mgahawa Posta badala ya chuoni. Mama alikuja na mtoto, na kutoka pantoni ni mwendo wa miguu tu. Mpokezi, ambaye alikuwa kazini, alichomoka kwenye mapumziko yake akakaa nasi dakika 20, bado kavaa sare.

## Matokeo

Tulikutana Jumatano nne. Watano tulihudhuria zote. Mpokezi alihudhuria mbili. Wiki ya nne na ya sita alipangiwa asubuhi. Ripoti ilikwenda kwa wakati, tukawasilisha, tukapata 11 kati ya 15.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kuandika wakati wa siku kulimaliza tatizo la saa nane papo hapo, na ni jambo la neno moja: "saa 8 mchana." Namba peke yake, bila asubuhi, mchana wala usiku, isitumike kwenye jambo la chuo hapa kwetu, kwa sababu kila msomaji ana saa mbili kichwani na huchagua ile iliyo karibu. Kwenye kura ndiyo mbaya zaidi, maana kura haina nafasi ya kuuliza "ipi?"

Jedwali lilifanya kazi kwa sababu lilionyesha kutokuwepo kwa saa ya wote. Nimeona vikundi vikichora jedwali kisha vikaanza kugombana juu ya sanduku lenye watu wengi zaidi. Hilo linampa nguvu mwenye ratiba ya kawaida, na yule wa zamu au mwenye mtoto anaachwa kila wiki mpaka anajizoelea kuachwa. Kilichotusaidia ni kuangalia nani ana kizuizi kinachohama. Semina inahama. Duka la mjomba linahama nusu saa. Pantoni, zamu ya hoteli na jua kuzama Ijumaa havihami.

Mkutano wa simu tuliujaribu mara moja, saa 4 usiku wiki ya nne, na sitausifu. Walioingia walikuwa wanne, umeme ulikatika kwa Mwenyekiti, Mama alizima sauti ili mtoto asiamke, na kesho yake watu wawili walikumbuka uamuzi mmoja kwa namna mbili. Saa za usiku zinaonekana huru kwa sababu hakuna aliyeziandika kwenye jedwali.

Sikulitatua suala la gharama. Jumapili ile Mama alitumia nauli yake, akanunua chakula cha mtoto mgahawani, na hatukumrudishia. Hakuna aliyefikiria mpaka tulipokuwa tumeshatawanyika. Kuchagua mahali karibu na pantoni kulimpunguzia safari, hakukumfutia.

Nne zilizopotea kwenye zile alama 15, nyingine zilitokana na ripoti kusomeka kama imeandikwa na watu watatu tofauti, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini moja mhadhiri aliieleza kwa kalamu nyekundu: sura ya mbinu ilisema tulihoji mama lishe 40, jedwali la matokeo lilikuwa na 38. Mimi ndiye niliyeandika 40, kutoka kwenye mpango, na tukaisoma kwa pamoja Jumatano mbili bila yeyote kushtuka.

Jedwali la matokeo lilikuwa la Mpokezi. Alihesabu madodoso yote usiku wa zamu yake kaunta, wiki ya tano, wakati wageni wamelala. Baadaye nilirudi nyuma kwenye kundi kutafuta, nikaikuta meseji yake ya saa 9 usiku, imezama chini ya salamu za asubuhi: "Wakuu, nimehesabu mara mbili. Ni 38, mbili hazijajazwa. Mbadilishe kule mbele."